Faili ya dakika 20 inayosoma 21:46

*Mtaalamu, habari za kazi. Nasoma masimulizi kwa maikrofoni ya USB kwenye laptopu ya Windows, najisikiliza kwa hedifoni zilizochomekwa kwenye laptopu yenyewe. Wiki iliyopita nilirekodi dakika 20 kamili kwa saa ya simu, lakini faili inasoma 21:46 na sauti yangu ni nzito, ya kuburuza, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nikazima kompyuta, nikawasha, nikarekodi kitu kingine kwa 48,000: sasa sauti ni yangu, ila kila baada ya dakika moja na sekunde arobaini na kitu kuna "tik". Nimebadilisha waya, nimebadilisha tundu la USB, wapi! Je, maikrofoni imekufa? Na ile rekodi ya kwanza inaokoleka? Siwezi kuisoma tena.*

Maikrofoni yako ni nzima, na rekodi ya kwanza inaokoleka yote bila kupoteza hata herufi. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu umenipa namba mbili ambazo wengi huwa hawazipimi: ile 21:46, na muda kati ya tik moja na nyingine. Ukizipigia hesabu, kila moja inamtaja mhalifu wake, na wahalifu ni wawili tofauti ingawa wote ni wa ukoo mmoja.

Tuanze na 21:46. Hizo ni sekunde 1,306. Wewe ulisoma kwa sekunde 1,200. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 1.088. Sasa chukua viwango viwili vya kawaida vya kurekodia sauti, ugawanye 48,000 kwa 44,100. Unapata 1.088 ileile. Hapo hakuna haja ya kufungua bisibisi wala kununua waya mwingine.

Maikrofoni ya USB ina kifaa ndani yake kinachopima sauti mara nyingi sana kila sekunde. Kila kipimo ni namba moja, na namba hiyo ndiyo tunayoiita sampuli. Yako ilikuwa inapima mara 48,000 kwa sekunde. Namba hizo zinapofika kwenye kompyuta huwa ni namba tupu, hazina muda ndani yake. Muda huandikwa mahali pamoja tu: kwenye kichwa cha faili, yaani baiti chache za mwanzo zinazomwambia mchezaji, "zicheze hizi kwa kasi fulani." Programu yako iliandika pale 44,100. Basi kila sekunde uliyoisoma ilizaa namba 48,000, na mchezaji, kwa utiifu, akazitoa 44,100 tu kwa sekunde, akasogeza zilizobaki kwenye sekunde inayofuata. Ndiyo maana mazungumzo yamerefuka na sauti imeshuka kwa wakati mmoja. Kwenye kinanda ni kushuka kwa karibu nusu-toni moja na nusu, yaani kati ya funguo moja na mbili ukihesabu na zile nyeusi. Hiyo inatosha kabisa kumfanya mtu asiitambue sauti ya jirani yake.

Kinyume chake kipo pia. Maikrofoni ikipima 44,100 na faili ikaandikwa 48,000, dakika 20 zingesoma 18:22 na ungesikika mwembamba, mwenye haraka. Na ukikuta faili imefupika hadi theluthi na sauti ni ya katuni, shuku maikrofoni ya hedifoni za Bluetooth: hizo zinapotumika kwa kuongea mara nyingi hushuka hadi 16,000, na 48,000 ni mara tatu yake.

(Kwa nini dunia ina viwango viwili vinavyokaribiana hivi na visivyogawanyika vizuri? 44,100 ilirithiwa kutoka kwenye mashine za kurekodia video, ambazo ndizo zilizotumika kuhifadhi sauti ya kidijitali kabla ya CD kuingia sokoni mwaka 1982. Waliweka sampuli 3 kwenye kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde, zidisha utaipata. Watu wa video na studio baadaye wakashika 48,000. Sisi tunalipa deni la mistari hiyo hadi leo.)

Swali la haki ni hili: kama viwango vinagongana mara kwa mara, mbona si kila rekodi inaharibika? Kwa sababu kwa kawaida Windows hukaa katikati kama mkalimani. Maikrofoni ikileta 48,000 na programu ikiomba 44,100, Windows hukokotoa upya sampuli na kukabidhi idadi iliyoombwa, sauti ikabaki palepale. Kinachoharibika hapo ni kidogo mno, sikio halikigundui. Balaa huanza mkalimani anapowekwa kando. Programu nyingine za kurekodi hushika maikrofoni peke yao ili kupunguza ucheleweshaji, na hapo hakuna anayekokotoa. Au programu ya pili, kwa mfano ya mikutano ya video, hubadilisha kiwango cha kifaa huku ya kurekodi imeshafunguka na inaamini namba iliyosoma wakati inafunguka. Draiva, yaani programu inayounganisha maikrofoni na Windows, inajibu "ndiyo, 44,100", saa yenyewe ndani ya maikrofoni inaendelea na 48,000, na hakuna ujumbe wa hitilafu unaotokea. Kwamba kuzima na kuwasha kumerudisha sauti yako ni dalili nzuri kuwa yaliyotokea ni ya namna hiyo: kila mtu alisoma namba upya.

Kuiokoa rekodi ya kwanza

Namba zako zote zipo. Kilichokosewa ni maandishi ya kichwani, kwa hiyo dawa ni kufuta 44,100 na kuandika 48,000, basi. Hapa ndipo watu wengi hujidhuru, mimi nikiwa mmoja wao. Mara ya kwanza nilipokutana na jambo hili nilitumia kichujio cha kupandisha sauti, nikapandisha kwa masikio, kisha nikatumia kingine cha kuharakisha. Nilikaa usiku mzima, na matokeo yakawa sauti yenye mwangwi wa bati, kwa sababu vichujio hivyo hukata sauti vipande vidogo na kuviunga upya. Nilikuwa nimefanya upasuaji kwa mtu aliyehitaji kubadilishiwa jina tu kwenye kitambulisho.

Nakili faili kwanza, usiguse ya asili. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ingiza nakala, bofya menyu iliyo kwenye jina la wimbo, yaani mstari wa sauti yako, upande wa kushoto, chagua `Rate`, kisha `48000 Hz`. Utaona wimbo unajikunja papo hapo na urefu unakuwa 20:00. Hapo ndipo utoe faili mpya, ukihakikisha kiwango cha kutolea pia ni 48000. Usichague `Resample` iliyo kwenye menyu ya `Tracks`. Hiyo ni kazi ya mkalimani: inabadilisha namba ili sauti ibaki ilivyo, na sauti yako ilivyo ndiyo mbovu. Maneno hayo mawili yanafanana kwa mbali, lakini kazi zake zinapingana.

Ukipendelea mstari wa amri, programu ya ffmpeg inafanya jambo lilelile:

```
ffmpeg -i rekodi.wav -af asetrate=48000 rekodi-sahihi.wav
```

Kichujio `asetrate` hakigusi sampuli hata moja, kinabadilisha tu kasi iliyotangazwa. Ukiweka `-ar 48000` peke yake badala yake, utapata faili inayojiita 48,000 lakini bado nzito na bado 21:46, kwa sababu hiyo nayo ni kukokotoa upya.

Kuna hali moja ambayo ingenifanya nikupe habari mbaya. Kama faili ingesoma 20:00 sawasawa na bado sauti ni nzito, na juu yake kuna mikwaruzo mfululizo, maana yake programu ilikuwa inachukua sampuli 44,100 kati ya 48,000 zinazokuja kila sekunde na kuzitupa 3,900 zilizobaki. Kwa mafungu ya sampuli 512, huo ni mtupo wa mara saba au nane kila sekunde, na ndio ule mkwaruzo unaosikika kama karatasi ya nailoni inayofinyangwa karibu na sikio. Ukibadilisha kichwa cha faili hiyo, sauti itarudi mahali pake, lakini urefu utashuka hadi 18:22 na maneno yatakuwa na mapengo. Kilichotupwa hakipo popote, hakirudishwi na kichujio cha aina yoyote. Kwa hiyo urefu wa faili ndio shahidi wa kwanza wa kumhoji, kabla hata ya kusikiliza.

Sasa hiyo "tik"

Hapa viwango vimeandikwa sawa pande zote, 48,000 na 48,000, na ndiyo maana sauti ni yako. Lakini namba kufanana kwenye skrini si sawa na saa kufanana. Ndani ya maikrofoni kuna kioo kidogo kinachotetema na kuhesabu muda. Ndani ya laptopu, upande wa tundu la hedifoni, kuna kingine. Kila kimoja kinasema kinahesabu 48,000 kwa sekunde, na kila kimoja kinakosea kidogo kwa njia yake, kama saa mbili za ukutani zilizowekwa sawa asubuhi na kupishana kufikia wiki ijayo.

Programu yako, kwa kuwa inakurudishia sauti masikioni wakati unarekodi, imefungwa kwa saa zote mbili. Maikrofoni inajaza ndoo, hedifoni zinachota. Ndoo hiyo ndiyo bafa. Maikrofoni ikiwa na haraka kidogo kuliko hedifoni, ndoo hujaa polepole mpaka inafurika, na fungu moja la sampuli linamwagwa. Ikiwa ya taratibu zaidi, ndoo hukauka, na mahali pa fungu panawekwa kimya. Masikio yako husikia kitu kimoja kwa vyote viwili: tik.

Tufanye hesabu. Tuseme bafa yako ni ya sampuli 256 na tik hurudi kila baada ya dakika 1 na sekunde 47. Angalia bafa yako kwenye mipangilio ya programu. Ukikuta namba nyingine, tumia hiyo. Sekunde 107 kumaliza sampuli 256 ni tofauti ya sampuli 2.4 kwa sekunde. Kwenye 48,000, hiyo ni sehemu 50 kwa milioni. Vioo vya vifaa vya kawaida hutofautiana kwa makumi ya sehemu kwa milioni na hakuna anayeviita vibovu. Kwa hiyo tik yako imetoka kwenye vifaa viwili vizima kabisa visivyofahamiana.

Hesabu hiyo inaeleza pia jambo linalowasumbua watu. Ushauri wa kawaida ukilalamika mikwaruzo ni "ongeza bafa". Ongeza hadi 1,024 na tik itakuja kila baada ya dakika 7 na sekunde 7. Mtu anarekodi jaribio la dakika tano, haisikii, anashangilia, kisha inamkuta katikati ya sura. Bafa kubwa ni ndoo kubwa tu. Haibadilishi kasi ya mfereji wala ya kata.

Bafa kubwa hutibu ugonjwa mwingine: kompyuta iliyozidiwa. Utautambua kwa mpangilio wake, au tuseme kwa kukosa mpangilio. Tik za kompyuta iliyozidiwa huja ovyo, tatu kwa mpigo kisha dakika nzima kimya, na huzidi ukifungua kivinjari au programu nzito. Tik za saa mbili huja kwa nidhamu, kompyuta iwe na kazi au haina. Kuthibitisha, kuza mchoro wa sauti mpaka uione tik ya kwanza, ya pili na ya tatu, uandike saa ya kila moja. Pengo likiwa lilelile kwa tofauti ya sekunde chache, achana na bafa. Audacity ina kisanduku cha `Detect dropouts` kwenye mapendeleo ya kurekodi, ambacho huweka alama mahali ilipoona sampuli zimepotea. Kinasaidia, ila usikitegemee peke yake, kwani programu haioni kilichomwagika kabla hakijaifikia.

Dawa ya saa mbili ni kubaki na moja. Maikrofoni nyingi za USB zina tundu la hedifoni mwilini mwake. Kama yako inalo, hamishia hedifoni huko, kisha kwenye programu chagua maikrofoni hiyohiyo kuwa kifaa cha kuingizia na cha kutolea sauti. Sasa anayejaza na anayechota wanatazama kioo kimoja, ndoo haifuriki wala haikauki, hata ukirekodi saa tatu. Faida ya ziada ni kwamba utajisikia bila kuchelewa, kwa kuwa mara nyingi tundu hilo hukurudishia sauti moja kwa moja bila kupitia kompyuta.

Kama halipo, acha kujisikiliza wakati wa kurekodi. Kwenye Audacity, zima kujisikiliza kupitia programu, `Software Playthrough` kwenye matoleo ya zamani, na hakikisha hakuna wimbo mwingine unaochezwa wakati unarekodi. Programu ikiwa inapokea tu na haitoi, haina saa ya pili ya kufuata. Msomaji wa masimulizi anaweza kuishi hivyo. Mwimbaji anayehitaji kusikia ala hawezi, na kwake tundu la kwenye maikrofoni, au kisanduku cha nje cha sauti chenye matundu ya kuingiza na kutoa, ni lazima. Kwenye Mac kuna njia ya tatu: ndani ya `Audio MIDI Setup` unaunganisha vifaa viwili kuwa `Aggregate Device` na kuweka alama ya `Drift Correction` kwenye kile kisichokuwa kiongozi wa saa. Mfumo hukokotoa tofauti hizo ndogo mfululizo.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: rekodi dakika kumi kwa mpangilio mpya, bafa ikiwa palepale 256. Kwa hesabu yetu ungetarajia tik tano. Ukipata sifuri, umemaliza.

Kuzuia ile ya kwanza isirudi

Funga programu zote zinazoweza kugusa maikrofoni, za mikutano na vivinjari kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `mmsys.cpl`. Kwenye `Recording` chagua maikrofoni, ingia `Properties`, halafu `Advanced`, weka 48000 Hz. Palepale ondoa alama kwenye `Allow applications to take exclusive control of this device`, ili pasiwepo wa kumfukuza mkalimani. Rudia kwenye `Playback` kwa kifaa unachosikilizia. Mwisho fungua programu ya kurekodi na uupe mradi kiwango cha 48000. Mpangilio huu una maana: programu ikitangulia kufunguka, inaweza kubaki na namba ya zamani, na utaamini umerekebisha.

Usishawishike kuchagua 96,000 kwa kuwa ni kubwa. Kwa sauti ya mtu anayesoma haikuongezei kitu cha kusikika, inakujazia diski, na maikrofoni nyingi za USB haziifikii, jambo linalomrudisha mkalimani kazini bila sababu.

Kabla ya kila kazi ndefu, mimi hupiga makofi. Washa saa ya simu, anza kurekodi, piga kofi moja, subiri sekunde 60 kamili, piga lingine. Pima umbali kati ya makofi kwenye mchoro. Ukiwa 60, anza kazi. Ukiwa 65.3, faili inaandikwa 44,100 kwa sampuli za 48,000. Ukiwa 55.1, ni kinyume. Mkono wako utakosea robo ya sekunde hivi, lakini makosa tunayoyatafuta ni ya sekunde tano, hayajifichi nyuma ya mkono.

Jambo moja la kando, kama masimulizi yako yataambatana na video iliyopigwa na kamera yenye saa yake. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni haitoi tik kamera na maikrofoni zikiwa hazijaunganishwa, lakini haijaondoka. Kwa saa moja hufika sekunde 0.18, na midomo itaanza kuachana na maneno. Hapo utanyoosha au kubana sauti kidogo sana kwenye programu ya kuhariri, au ukate na kusogeza kwenye kila pumziko. Kwa rekodi ya dakika 20 ni sekunde 0.06, iache.